Kumzeesha mtu pichani: anza na umbo la uso

Kijana wa miaka 30 anapotakiwa aonekane mzee wa miaka 65, mafundi wengi wa picha hapa Dar es Salaam huanza kwa kumchorea makunyanzi, ilhali uzee hubadilisha zaidi umbo la uso, na ngozi nyeusi kwa kawaida huchelewa kupata mikunjo midogo. Kwa kutumia Liquify, zana ya Photoshop ya kusogeza sehemu za picha, shusha mashavu kidogo kuelekea taya, legeza kope za juu upande wa nje, punguza unene wa midomo na refusha kidogo ndewe za masikio. Umbali kati ya macho usiuguse kamwe, kwani kwa mtu mzima haubadiliki sana, na ukiubadilisha utapata mtu mwingine kabisa.

Baada ya hapo, kwenye tabaka la Soft Light, tia kivuli mkunjo utokao puani hadi pembeni mwa mdomo, kwa kufuata upande ambao mwanga wa picha unatokea. Mvi zianzie kwenye panja na ndevu. Kisha tazama shingo na mikono: vikibaki vya kijana, picha nzima haiaminiki.