Taarifa ya maendeleo kwa mfadhili: kisima kikitoka kikavu utaandikaje?

Nimetoka kupitia rasimu ya kikundi kinachochimba visima vya pampu za sola mkoani Singida. Nimebadilisha takwimu, lakini mambo ni yaleyale.

1. Fungua mkataba kabla ya kufungua kompyuta. Tafuta bangokitita, yaani jedwali la malengo na viashiria vya mradi, usome kila kiashiria neno kwa neno. Hapa kikundi kiliahidi "visima 6 vinavyotoa maji salama", si visima vilivyochimbwa.

2. Jaza jedwali la lengo, kilichofikiwa na ushahidi. Maelezo yafuate baadaye. Picha ziende kwenye viambatisho, maana picha ya watoto na ndoo haithibitishi ubora wa maji.

3. Andika yaliyokwama. Hapa ndipo rasimu nyingi huharibika. Kikundi kilichimba visima 5. Kimoja kilifika meta 120 bila maji. Kingine kina maji mengi, ila maabara ilipima floraidi miligramu 3.8 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Rasimu ilisema: "Visima 5 kati ya 6 vimechimbwa, licha ya changamoto za kijiolojia." Uongo haumo, lakini msomaji ataondoka akiamini kuna vijiji 5 vinavyokunywa. Tuliandika hivi:

"Visima 3 kati ya 6 vinatoa maji salama. Kimoja ni kikavu. Kimoja kina floraidi kupita kiwango. Tumekifunga na kamati ya maji ya kijiji imearifiwa. Kimoja hakijachimbwa. Kisima kikavu kimegharimu shilingi milioni 18, kwa sababu mkataba wetu na mchimbaji unalipa kwa meta, maji yatoke yasitoke."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobishaniwa zaidi. Mhasibu aliona tunajianika. Lakini milioni 18 hizo zimo kwenye taarifa ya fedha, na afisa wa ruzuku wa mfadhili huziweka taarifa mbili hizi ubavu kwa ubavu. Pesa ikionekana imetumika na kisima hakionekani, swali litakalofuata halitahusu jiolojia. Ambatisha ripoti ya upimaji wa ardhi ya kabla ya kuchimba, aone mahali palichaguliwa kwa msingi gani. Kama upimaji haukufanyika, sema haukufanyika.

Na majibu ya maabara yakitoka, mwandikie afisa siku hiyohiyo, mistari mitano inatosha. Asije akayasikia mara ya kwanza kwenye taarifa ya nusu mwaka.

4. Hatua zijazo. Kila hatua iwe na mhusika, tarehe na gharama. "Tutaendelea kufuatilia" futa. Kikundi hiki kinaomba kuhamisha pesa za mafunzo ili kupima upya maeneo mawili na kubadili mkataba wa mchimbaji. Kinaomba, hakijahamisha: wafadhili wengi hudai kibali cha maandishi uhamisho ukizidi asilimia fulani ya kifungu cha bajeti, na asilimia hiyo imo kwenye mkataba uliofungua mwanzoni. Kibali kisipopatikana, lengo jipya ni visima 4. Nalo liandike.