Kabla ya Kuagiza Miwani ya Prizimu Baada ya Kiharusi

Mama mmoja anayeuza omena Kibuye, Kisumu, alitoka hospitali baada ya kiharusi akiambia watu kwamba jicho lake la kushoto limekufa. Wanawe wakaanza kuchanga pesa za miwani. Kabla hujafikia hapo, thibitisha kwanza ni nini kilichopotea. Kaa mbele ya mgonjwa, kama mita moja hivi, akutazame puani. Mzibe jicho moja, kisha lingine, kila mara ukichezesha kidole kulia na kushoto. Huyu mama hakuona kidole cha upande wake wa kushoto kwa jicho lolote kati ya mawili. Basi macho yake ni mazima. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo ya upande wa kulia inayopokea picha ya upande wa kushoto, na miwani ya kawaida haiwezi kuirudisha.

Jambo la pili husahaulika mno. Mchoree mstari mrefu kwenye karatasi, umwombe aukate katikati. Akiukata mbali kulia, huenda tatizo si kutoona tu bali ubongo umeacha kuujali upande wa kushoto. Mtu wa namna hiyo huacha nusu ya ugali kwenye sahani wala hajui ameiacha, na prizimu, yaani kipande cha lenzi kinachosogeza picha pembeni, humsaidia kidogo sana. Anayejua kwamba upande wake mmoja haupo ndiye anayefaa kujaribu. Mama wetu aliukata karibu na katikati, tena akisogea kidogo kushoto.

Usiagize mapema. Sehemu ya uoni huweza kurudi yenyewe, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, kwa hiyo omba kliniki ya macho ipime upeo wa kuona kwa mashine, na irudie baadaye. Mkiona ramani mbili za upeo huo zinafanana, hapo sasa mnaweza kuzungumza habari ya miwani.

Aina inayotumika zaidi kwa hali hii ilibuniwa na mtaalamu wa macho Eli Peli huko Boston, Marekani. Vipande viwili vya prizimu hubandikwa kwenye lenzi moja tu, ile ya upande uliopotea: kimoja juu ya mboni, kingine chini, na katikati huachwa wazi. Upande mnene huelekea nje. Kwa mama yetu ni lenzi ya kushoto. Prizimu ya nguvu 40 husogeza picha kama digrii 20, hivyo tuktuk iliyofichika kushoto huchomoza mahali anapoweza kuiona. Chagua fremu yenye kimo cha kutosha na isiyoteleza puani, maana ikishuka kidogo kipande cha juu hukaa mbele ya mboni. Dalili yake ni kuona vitu viwili-viwili akitazama mbele moja kwa moja. Akiona hivyo, arudi akarekebishiwe, asiambiwe avumilie.

Hatazami kupitia prizimu. Anatazama katikati, na kitu kikipita pembeni anageuza kichwa akikague. Kile anachokiona kwenye prizimu hakipo pale kinapoonekana, kwa hiyo akinyoosha mkono kukidaka kikombe atashika hewa. Kwenye ngazi, kipande cha chini huweza kumsogezea ardhi. Aanze nyumbani, na aanze na vipande vya kubandika kabla ya kulipia vya kudumu.

Mazoezi ya kupekua kwa macho hayasubiri miwani. Kwa kawaida macho yake huenda upande usioonekana kwa hatua fupi fupi, yakakata tamaa njiani. Mfundishe arushe macho mara moja, mbali kupita pale anapodhani kitu kipo, kisha ayarudishe polepole. Tandaza vizibo vya soda mezani, vingi vikiwa kushoto, aviokote vyote akianzia ukingoni kabisa. Akizoea, sogeza zoezi uani, kisha sokoni, mtu akiwa ubavuni mwake wa kushoto.

Barabara ni ya mwisho, na hapa Kenya ina hila yake. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo unapoanza kuvuka, ya kwanza hutoka kulia, upande ambao huyu mama anauona vizuri. Ataingia kwa ujasiri, kisha nusu ya pili imjie kutoka kushoto. Bodaboda nazo hupanda upande usio wao, hilo kila mtu wa Kisumu analijua. Kwa hiyo asimame tuli, ageuze kichwa mpaka kidevu kifike begani kushoto, na akifika katikati ya barabara ageuze tena. Aliyepoteza upande wa kulia hatari yake ni hatua ya kwanza kabisa.

Kuendesha gari au pikipiki asijaribu. Miwani hii haimpi ruhusa hiyo. Na uoni ukipungua ghafla tena, msimpeleke kwa fundi wa miwani. Pandeni gari mwende hospitali saa hiyo hiyo.