Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanga Kikao cha Timu Iliyo Malindi, Milano na Toronto

Nawaandikia wasimamizi wa timu ambazo baadhi ya watu wake wako huku pwani na wengine wako Ulaya au Amerika ya Kaskazini, na pia vijana wa Malindi, Watamu na Lamu wanaoajiriwa katika timu hizo. Nimefanya kazi ya namna hii kwa miaka kadhaa, katika kampuni inayokodisha nyumba za likizo. Malindi ndiko tulikojibia wateja na kushughulikia malipo, uongozi ulikuwa Milano, na mafundi wa mfumo walikuwa Toronto. Niliyoyaona yakimpata mwenzangu mmoja ndiyo yaliyonifundisha kwamba jambo la kwanza la kupanga ni saa.

Mambo ya wazi nitayapitia upesi. Uwe na njia mbili za intaneti, waya wa nyumbani na bando la simu, kwa sababu umeme hukatika bila taarifa. Maamuzi yote yakae mahali pamoja panaposomeka na kila mtu, yasitawanyike katika jumbe za watu wawili wawili. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa ishirini na nne pamoja na jina la mji, kwa mfano 16:00 Malindi, kwa kuwa saa kumi ya kwetu na saa kumi ya mwenzako wa Toronto si wakati mmoja hata kidogo. Saa za Ijumaa mchana zifungwe kwenye kalenda za wanaokwenda msikitini, wasije wakalazimika kuomba ruhusa kila wiki.

Sasa zingatia jambo ambalo wengi hawalioni mpaka liwaumize. Saa ya Kenya haibadiliki mwaka mzima. Iko saa tatu mbele ya UTC, Januari kama Julai. Saa za Toronto na Milano husogezwa mbele majira ya joto yakikaribia na kurudishwa nyuma baadaye, tena haziendi pamoja. Toronto husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambazo kwa mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na tarehe 1 Novemba. Milano husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, yaani tarehe 29 Machi na tarehe 25 Oktoba. Kwa hiyo Toronto huwa nyuma ya Malindi kwa saa saba wakati wa joto na saa nane wakati wa baridi, na Milano huwa nyuma kwa saa moja au mbili. Kati ya mabadiliko hayo kuna majuma matatu ya Machi na juma moja la mwisho wa Oktoba ambapo hata Toronto na Milano huachana kwa saa tano badala ya sita walizozizoea.

Maana yake ni kwamba kikao kikiwekwa kwenye kalenda kwa saa ya Toronto, watu wa Toronto hawatahisi mabadiliko yoyote mwaka mzima. Anayesogezwa ni wewe wa Malindi, na hakuna atakayekuuliza, kwa sababu kwenye kalenda ya aliyekipanga hakuna kilichobadilika.

Kikao chetu cha kila siku kilikuwa saa nne asubuhi ya Toronto, kikichukua saa moja. Wakati wa joto hiyo ni saa kumi na moja jioni Malindi; tulimaliza saa kumi na mbili, tukaona ni jambo la kuvumilika. Novemba ilipoingia, kikao kilihamia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja usiku, na hivyo kikameza magharibi ya kila siku. Watu walinyamaza. Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2026, ulioanza katika nusu ya pili ya Februari. Siku hizo jua la Malindi huzama saa kumi na mbili na nusu na ushei, katikati ya kikao kabisa.

Mwenzangu, binti wa mtaa wa Shela hapa Malindi, alikuwa akiishi na wazazi na wadogo zake na ndiye aliyeandaa futari ya nyumba nzima. Kila siku ilipofika saa kumi na mbili na nusu aliandika ujumbe wa adabu, akaomba radhi, akatoka. Nusu saa ya kwanza ya kikao ilikuwa ya taarifa, ambazo zingeweza kusomwa tu. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ya maamuzi: nani achukue kazi gani, na nani ashike zamu ya Jumamosi na Jumapili. Aliyekuwepo alijitetea, na asiyekuwepo alipangiwa. Majuma hayo zamu za mwisho wa wiki zilimwangukia yeye mfululizo, naye akazifanya bila kulalamika, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa miezi na alihofia usifanywe upya.

Tarehe 8 Machi Toronto ilisogeza saa. Kuanzia kesho yake kikao kikawa kinaanza saa kumi na moja na kwisha saa kumi na mbili, kabla ya futari, na yule binti akawa anakaa hadi mwisho. Tathmini yake ilipotoka Aprili, ilieleza kwamba mwezi wa Februari alionekana hajitoi, lakini kuanzia Machi amejirekebisha, na kwamba kwa sababu ya kipindi kile cha mwanzo nyongeza yake ya mshahara itasubiri. Niliisoma mara mbili. Hakukuwa na chochote alichojirekebisha. Kazi yake ya Februari ilikuwa sawasawa na ya Machi, barua za wateja zikijibiwa kwa wakati uleule na malipo yakifungwa bila kosa. Kilichobadilika ni saa ya ukutani ya Toronto.

Tulikwenda kwa msimamizi tukiwa na ushahidi, na nakushauri ufanye hivyohivyo. Chukua kumbukumbu za vikao vya miezi miwili na uweke alama mbele ya kila uamuzi: ulifanyika saa ngapi, na aliyeguswa nao alikuwemo au hakuwemo. Weka kando orodha ya zamu za kipindi hichohicho. Ukiona kwamba kazi nzito zinamwendea mtu katika majuma asiyokuwemo chumbani, na zinapungua anapokuwemo, huna haja ya kumshutumu yeyote, karatasi itasema. Msimamizi wetu alikuwa mtu muungwana na alishtuka, kwani hakuwa amewahi kuitazama kalenda kwa jicho la Malindi. Nyongeza ilitolewa, ingawa ilichelewa.

Tiba iliyofaa ilikuwa rahisi. Kikao kilifungwa kwa saa ya mji ambao saa yake haitembei. Unapokitengeneza kwenye kalenda, chagua eneo la saa `Africa/Nairobi` badala ya `America/Toronto`, ukiweke saa kumi kamili jioni ya Malindi. Kwa Milano hiyo ni saa tisa alasiri wakati wa joto na saa nane mchana wakati wa baridi. Kwa Toronto ni saa tatu asubuhi wakati wa joto na saa mbili asubuhi wakati wa baridi. Kwa siku ya kazi inayoanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni, wote watatu wamo ndani ya saa zao mwaka mzima. Toronto walinung'unika kidogo kuhusu asubuhi za baridi, kwa sababu ya kupeleka watoto shule, na hoja yao ilikuwa ya haki. Ndiyo maana tulikipunguza kikao kikawa cha nusu saa, taarifa zikaandikwa kabla, na mzazi akaruhusiwa kuingia dakika kumi baadaye bila kuhesabiwa kosa.

Usiibebe tiba hii kila mahali. Ukiwa na mtu Los Angeles, saa kumi ya Malindi kwake ni saa kumi na mbili alfajiri au saa kumi na moja. Hapo hakuna saa ya haki kwa wote, na kinachobaki ni kupokezana mzigo: mwezi huu anaamka mmoja, mwezi ujao anachelewa kulala mwingine, na orodha ya nani alibeba mwezi gani iwekwe wazi.

Jambo linalofuata ni maamuzi. Uamuzi wowote unaogusa zamu, malipo au majukumu ya mtu usihesabiwe kuwa umepita mpaka aliyeguswa awe amemaliza siku yake moja nzima ya kazi tangu ulipoandikwa. Nasema siku ya kazi, sisemi saa ishirini na nne, kwa sababu uamuzi ulioandikwa Ijumaa mchana Toronto huku tayari ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na saa ishirini na nne zitakwisha kabla mtu hajafungua kompyuta.

Na uwajibikaji upimwe kwa kinachokabidhiwa. Malindi inapofunga, Toronto ndiyo kwanza inaanza, kwa hiyo barua ya makabidhiano ndiyo kazi yenyewe. Ukiandika kwamba unalishughulikia suala la mgeni wa Watamu, umemwachia mwenzako fumbo na hawezi kukuamsha usiku. Andika namna hii: mgeni wa nyumba ya Watamu amekuta tarehe zake zimeuzwa mara mbili, nimemhamishia nyumba ya jirani na amekubali kwa maandishi, kilichobaki ni tofauti ya bei, ambayo inasubiri idhini ya Milano kabla ya 11:00 Malindi kesho, fundi wa Toronto achunguze leo kwa nini kalenda ya nyumba hiyo haikujifunga baada ya malipo ya kwanza. Yamo yaliyokwisha, yaliyokwama, nani anangojewa, na lini. Msimamizi akizisoma barua hizo kwa mwezi mmoja atajua nani anafanya kazi, bila kuangalia kama taa ya kijani iliwaka saa moja usiku.

Kuna mengine ya kuulizia mapema. Uliza mshahara unalipwa kwa sarafu gani na nani anabeba makato ya kutuma. Uliza nani anapokea simu ya dharura usiku, na kama analipwa kwa hilo. Ziandike sikukuu za kila nchi tangu Januari: tarehe 1 Julai Kanada imefunga, na tarehe 15 Agosti Italia imefunga, na wengi huko huwa likizoni kabla na baada. Kwa Idi toa tarehe mbili, kwa kuwa mwezi huandama jioni na tangazo hutoka usiku uleule. Mwenzako wa Milano asipoambiwa mapema, atakupangia kikao asubuhi ya sala.