Umeitwa kwenye usaili Tanga? Jinsi ya kuthibitisha na kuuliza nani atakuwepo na usaili utakuwaje

Wengi wakiitwa kwenye usaili hujibu "Asante, nitafika" na kuishia hapo. Halafu siku ya siku wanakuta meza ina watu watatu, mmoja wao anafungua kompyuta na kusema, "Kaa hapa, una nusu saa." Hilo lingeweza kujulikana mapema kwa kuuliza tu. Kampuni binafsi na mashirika mengi hujibu maswali ya namna hii bila shida, mradi yaulizwe vizuri.

Tuchukue mfano. Kijana wa Korogwe aliyesoma uhasibu ameomba kazi ya karani wa hesabu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha iliyo karibu na bandari ya Tanga. Jumatatu mchana anapokea barua pepe ya Kiingereza inayomwita Alhamisi tarehe 16 Julai 2026, 09:00 AM.

Kwanza, hakiki siku na saa. Fungua kalenda ya simu uone kama tarehe 16 kweli ni Alhamisi. Zikigongana, uliza kabla ya kuthibitisha. Kisha saa: 09:00 AM ni saa 3 asubuhi, na kuna watu wanaoisoma haraka wakaondoka nyumbani wakijua wanakwenda saa 9 alasiri. Unapojibu, andika "saa 3:00 asubuhi" kwa ukamilifu. Ukiwa umeelewa vibaya, mwajiri ataona na kukusahihisha.

Pili, jibu siku hiyo hiyo, kwenye barua pepe ile ile. Usianzishe mpya. Anayepanga usaili huenda ana waombaji kadhaa na anaweka alama mbele ya kila jina. Jibu lako likikaa chini ya mwaliko wake, hakutafuti. Barua ikija kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Ikija kwa Kiswahili, jibu lako linaweza kuwa hivi:

> Yah: Kuthibitisha kuhudhuria usaili wa Karani wa Hesabu
>
> Ndugu Afisa Rasilimali Watu,
>
> Nimepokea mwaliko wenu na nashukuru. Nathibitisha kwamba nitafika ofisini kwenu Alhamisi tarehe 16 Julai 2026, saa 3:00 asubuhi.
>
> Ili nijiandae ipasavyo, naomba kufahamishwa yafuatayo:
>
> 1. Jopo la usaili litakuwa na maofisa wa vyeo gani?
> 2. Je, ni mahojiano pekee, au kutakuwa pia na mtihani wa kuandika au wa kompyuta? Unatarajiwa kuchukua muda gani?
> 3. Mbali na vyeti halisi na kitambulisho, kuna kingine cha kuja nacho au kupitia kabla?
>
> Endapo taarifa hizi hazitolewi mapema, nitafika kama nilivyothibitisha.
>
> Wenu,
> (jina kamili na namba ya simu)

Angalia mpangilio wake. Kukubali kumetangulia na kumesimama peke yake, maswali yakafuata. Ukiandika "naomba kujua kwanza nani atakuwepo ili niweze kuthibitisha", msomaji anaona hujakubali bado, na nafasi yako anaweza kupewa mwingine. Dalili kwamba barua yako haikueleweka ni pale wanapokujibu, "Kwa hiyo utakuja au hutakuja?" Hapo mpigie simu mara moja, usiandike tena.

Swali la kwanza linauliza vyeo. Majina si lazima. Wakikutajia wenyewe, vema. Ukiomba majina huenda wakasita, maana wapo waombaji wanaoyatafuta ili wapigiwe simu za kuombewa. Vyeo vinatosha kukuonyesha maswali yatatoka upande gani. Na usizidishe maswali matatu. Mshahara, nauli na likizo havina nafasi kwenye barua hii.

Tatu, jibu likija, ligeuze kuwa maandalizi. Tuseme kijana wetu amejibiwa hivi: "Watakuwepo mhasibu mkuu, meneja wa shughuli za bandari na afisa rasilimali watu. Kutakuwa na mtihani mfupi wa Excel, kisha mahojiano." Mistari miwili tu, lakini imebeba mengi.

Mhasibu mkuu na Excel wakitajwa pamoja, jambo la kwanza la kufanyia mazoezi ni usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha salio la benki na la daftari la kampuni mpaka yalingane. Jipe hesabu kama hii: taarifa ya benki inaonyesha salio la shilingi 4,350,000, daftari la kampuni linaonyesha 3,765,000. Kuna hundi ya 600,000 ambayo aliyelipwa hajaipeleka benki, na makato ya benki ya 15,000 ambayo hayajaingizwa daftarini. Toa 600,000 upande wa benki, toa 15,000 upande wa daftari. Pande zote zinabaki 3,750,000. Ifanye mpaka uweze kuijenga kwenye karatasi tupu ya Excel bila kuangalia popote, kwa sababu mtihanini hupewi fomu iliyochorwa.

Meneja wa bandari yeye haulizi mambo ya hundi. Atataka kujua kama unatofautisha fedha ya mteja na mapato ya kampuni. Wakala akimlipia mteja ushuru wa forodha kwa niaba yake, fedha ile si mapato ya wakala. Mapato yake ni ada ya uwakala. Ada ikiwa shilingi 1,000,000, VAT ya asilimia 18 ni 180,000, na inahesabiwa juu ya ada hiyo, haichanganywi na ushuru uliolipwa kwa niaba ya mteja. Ukilieleza hili kwa utulivu, meneja atajua umejisomea kazi yao. Kwa afisa rasilimali watu andaa maelezo ya kazi ulizofanya na sababu ya kuondoka kila mahali.

Ukiitwa kwa simu, uliza pale pale kabla haijakatwa: "Asante sana dada, nitafika Alhamisi saa 3 asubuhi. Naomba kuuliza, kutakuwa na mtihani au ni mahojiano tu? Na nitakutana na nani?" Baada ya hapo tuma ujumbe mfupi wa kurudia siku, saa na mahali, ili pawe na maandishi. Anayekupigia akikutaka utume hela ya fomu au ya "kushikiwa nafasi", usitume. Tafuta namba ya ofisi kwa njia yako mwenyewe na uulize kama kweli wamekuita.

Wasipojibu, subiri siku nzima ya kazi, kisha piga simu mara moja. Katika mfano wetu ni Jumatano asubuhi. Ukikosa jibu hata hapo, acha; jiandae kana kwamba kuna mtihani, kwa sababu aliyejiandaa kwa mtihani akakuta mahojiano hapotezi kitu. Panga na safari: mabasi ya Korogwe huishia stendi ya Kange, na kutoka hapo hadi mjini bado kuna mwendo wa daladala au bodaboda. Kwa usaili wa saa 3 ni salama zaidi kulala Tanga Jumatano.

Kazi za serikali zina utaratibu mwingine. Ukiitwa na Sekretarieti ya Ajira, barua kama hii haihitajiki, kwa kuwa tangazo lenyewe hutaja aina ya usaili (mchujo wa kuandika, vitendo au mahojiano), tarehe, mahali na vitu vya kuja navyo. Isome sehemu ya masharti neno kwa neno. Husisitiza vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na majina yanayotofautiana kati ya cheti na kitambulisho huwa kikwazo mlangoni. Ukigundua tofauti hiyo, shughulikia hati ya kubadili jina siku unayoona tangazo, usingoje siku ya usaili.