Ankara ya shilingi kwenda yeni: jinsi ya kuzuia yeni moja isipotee

Dada mmoja anayeuza shanga hapa Moshi alimtumia mteja wa Japani ankara yenye mistari mitatu. Mteja akajumlisha mistari kwa mkono, akapata 499. Chini pameandikwa 500. Akauliza ipi alipe.

Yeni haina senti. Sen, iliyokuwa sehemu yake ya mia, iliondolewa kwenye mzunguko mwishoni mwa 1953. Kwa hiyo kila bei lazima iishie kwenye yeni kamili.

1. Kwenye Excel, andika bei za shilingi safu ya C kuanzia C2, na kiwango cha kubadilishia kwenye F1. Tuchukulie, kwa mfano, yeni 1 ni shilingi 17.

2. Gawanya kwa 17. Usizidishe kwa kinyume chake kilichofupishwa: 8,500 ukizidisha kwa 0.06 unapata 510, wakati jibu ni 500.

3. Hapa ndipo penye kazi. Bei za dada yule zilikuwa 3,000, 1,500 na 4,000. Ukigawanya unapata 176.47, 88.24 na 235.29. Alibonyeza Decrease Decimal, na Excel ikaonyesha 176, 88 na 235. Lakini kitufe hicho hubadilisha mwonekano tu. Ndani ya seli desimali zote bado zipo, na SUM inajumlisha hizo zilizofichwa. Ndiyo maana ikatoka 500. Kata desimali zenyewe kwa kuandika hivi kwenye D2, kisha unakili hadi D4:

```
=ROUND(C2/$F$1,0)
```

Kisha jumla iwe SUM ya seli hizo za ROUND. Sasa itakuwa 499, sawa na anachokiona mteja. Mimi ndivyo ninavyopendelea, kwa sababu ankara inayojumlika kwa mkono haileti maswali.

Lakini kama mlishakubaliana yeni 500, ile moja iliyobaki iongeze kwenye mstari wenye desimali kubwa zaidi iliyokatwa. Hapa ni 176.47, unaokuwa 177. Usiitupie mstari wa mwisho kwa mazoea. Kila mstari unaweza kukosea hadi nusu yeni, hivyo ankara ya mistari 20 inaweza kupishana hadi yeni 10. Weka seli ya kukagua. Ikitoa kitu tofauti na 0, hapo pana yeni za kugawa:

```
=SUM(D2:D4)-ROUND(SUM(C2:C4)/$F$1,0)
```

4. Kwa dinari ya Kuwait badilisha 0 iwe 3, kwani dinari moja ni fils 1,000. Kwenye seli ya kukagua badilisha pia.

5. Mifumo mingi ya malipo ya mtandaoni hupokea kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Dola 5 hutumwa kama 500, lakini yeni 500 hutumwa 500 hiyohiyo. Anayezidisha kila sarafu kwa 100 atamtoza mteja yeni 50,000. Soma maelezo ya mfumo wako kwa kila sarafu, kisha jaribu kwa kiasi kidogo.