Kumwomba msambazaji ashikilie bei ya viroba baada ya malighafi kupanda

Mwenye mashine ya kusaga Uyole, Mbeya, alipewa profoma ya viroba 20,000 vya kilo 25, vyenye chapa, kwa shilingi 600 kimoja, kutoka kiwanda cha Dar es Salaam. Kabla hajalipa, kiwanda kinapiga simu: malighafi imepanda kutoka shilingi 3,200 hadi 3,700 kwa kilo, kwa hiyo kiroba sasa ni shilingi 690. Oda ya milioni 12 imekuwa milioni 13.8, na mahindi mapya yanakaribia kuingia. Bei hizi ni za mfano, lakini njia ya kulishughulikia jambo lenyewe ni ileile.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Toa profoma uisome tarehe yake na muda wake wa kutumika. Kama muda umekwisha, huna bei ya kudai, una ombi tu. Kama haujaisha lakini hujaikubali, bado uko kwenye ombi: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyetoa bei kuiondoa kabla haijakubaliwa. Lakini kama ulishatuma oda ya maandishi kwa bei ile na wao wakaipokea kabla ya kupiga simu, hapo huombi. Unakumbusha makubaliano, na barua inaandikwa kwa sauti nyingine.

Wengi hukosea hapa. Wanaandika kwa ukali kana kwamba wana mkataba, kumbe wana profoma iliyolala wiki sita mezani. Msambazaji akiona hivyo hana sababu ya kuendelea kukusikiliza. Mwenzetu wa Uyole yuko kwenye hali ya pili: profoma ni hai, oda haijatumwa. Kwa hiyo anaomba, na anaomba akiwa na hesabu mkononi.

Hatua ya 2: Pima kiroba, kisha piga hesabu

Viroba hufumwa kwa nyuzi za polipropilini, plastiki inayonunuliwa kwa dola na kufika kiwandani ikiwa chengachenga. Kiasi cha malighafi ndani ya kiroba unaweza kukijua mwenyewe. Chukua viroba 10 vya oda iliyopita, viweke pamoja kwenye mizani ndogo ya jikoni, gawa kwa 10. Ukipima kimoja kimoja, kosa la mizani litakupotosha.

Tuseme unapata gramu 75. Weka asilimia 4 ya upotevu wa kiwandani, inakuwa gramu 78. Malighafi imepanda shilingi 500 kwa kilo, kwa hiyo kila kiroba kimeongezewa gharama hivi:

```
0.078 x 500 = 39
```

Kiwanda kimeongeza shilingi 90. Malighafi inaeleza 39 tu. 51 zilizobaki hazijaelezwa. Huenda wino au usafirishaji umepanda pia, lakini hilo ni la wao kulisema.

Angalia pia dola. Benki Kuu ya Tanzania hutoa viwango vya kubadilisha fedha kila siku ya kazi. Chukua cha siku ya profoma na cha leo. Bei ya malighafi ikipanda asilimia 10 kwa dola, huku shilingi ikiimarika asilimia 5, ongezeko halisi kwa shilingi ni kama asilimia 4.5.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi chache

Zinatosha nne: profoma yenyewe, hesabu ya hatua ya 2 kwenye ukurasa mmoja, risiti za oda zako za nyuma zinazoonyesha unalipa kwa wakati, na profoma ya kiwanda kingine. Hii ya mwisho ni hatari usipokuwa makini. Bei hazilinganishwi mpaka uzito, vipimo, idadi ya rangi za chapa, VAT na mahali pa kupokelea mzigo viwe sawa. Kiroba cha gramu 62 kinachokabidhiwa Dar hakimshindi cha gramu 75 kinacholetwa Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Meneja wa mauzo ataliona hilo mara moja, na ushahidi wako wote utatiliwa shaka.

Hatua ya 4: Hesabu tarehe ya uamuzi kutoka mwisho kuja mwanzo

Usichague tarehe kwa kukisia. Leo ni Jumatatu tarehe 8 Juni, stoo kuna viroba 9,600, na unatumia 400 kwa siku: siku 24, yaani mpaka tarehe 2 Julai. Kufuma na kuchapa kunachukua siku 14, safari na upakuaji 3. Jumla 17. Ukiagiza tarehe 13, mzigo unafika tarehe 30, na una siku mbili za akiba. Basi jibu lazima lipatikane Ijumaa tarehe 12.

Siku hizo 17 ziwe pia za kiwanda cha pili. Tarehe ya uamuzi inayokuachia nafasi ya msambazaji mmoja tu haina nguvu, maana akikataa huna pa kwenda.

Hatua ya 5: Andika ombi, na utoe kitu

Kiwanda mara nyingi kinapandisha bei kwa sababu kitanunua malighafi mpya kwa fedha taslimu. Ukiongeza malipo ya awali, unakipunguzia mzigo huo. Barua iwe fupi:

> Ndugu Meneja Mauzo,
>
> YAH: OMBI LA KUSHIKILIA BEI YA VIROBA 20,000
>
> Salamu. Rejea profoma yenu ya tarehe 25 Mei, shilingi 600 kwa kiroba. Tumepokea taarifa ya bei mpya ya 690. Kwa uzito wa gramu 75 na upotevu wa asilimia 4, kupanda kwa malighafi mlikotutajia ni shilingi 39 kwa kiroba (hesabu imeambatishwa).
>
> Tunaomba mshikilie 600 kwa oda hii moja. Tuko tayari kulipa asilimia 60 ya awali badala ya 30, siku mtakayothibitisha, na kupokea mzigo wote kwa mkupuo. Kama haiwezekani, tunaomba mchanganuo wa ongezeko la shilingi 90.
>
> Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 12 Juni, saa 10 jioni. Baada ya hapo tutaagiza kwingine ili tusikwame msimu wa mavuno.

Shilingi 640, yaani 600 pamoja na zile 39 za malighafi kwa kukadiria, ndiyo bei unayoweza kuikubali, lakini usiiandike. Ukiiandika, 600 imekufa. Ibaki kwako mpaka wao walete mchanganuo.

Tuma kwa baruapepe, kisha piga simu siku hiyohiyo. Msalimie vizuri, mwambie barua imefika na umtajie tarehe. Akisema "usijali mama, tutaangalia," mjibu: "Nashukuru kaka, naomba unithibitishie kwa wasap, ili mhasibu aandae malipo." Ukimya wake usiuhesabu kuwa ndiyo. Ijumaa saa 10 ikipita bila maandishi, agiza kwingine Jumamosi.

Hatua ya 6: Akikubali, funga uzito pamoja na bei

Njia rahisi ya kushikilia bei ni kupunguza kiroba. Kikishuka kutoka gramu 75 hadi 66, kiwanda kimeokoa gramu 9, ambazo kwa bei mpya ni takriban shilingi 33. Bei umeipata kwenye karatasi, na mshono unafumuka kwenye lori. Kwa hiyo oda iandike: gramu 75, isiyopungua 73, vipimo na rangi kama sampuli iliyosainiwa, kufika Uyole si zaidi ya tarehe 30 Juni, asilimia 40 iliyobaki italipwa baada ya kupima.

Mzigo ukifika, toa viroba 10 kutoka marobota matano tofauti, viwili kila robota, uvipime mbele ya dereva kabla hujasaini hati ya kupokea. Jumla ikiwa chini ya gramu 730, andika uzito huo kwenye hati yenyewe, dereva asaini, upige picha, ndipo umpigie meneja.