Kukokotoa nishati ya pendulamu: kutoka kwenye mchoro hadi kwenye juli

Maswali mengi ya nishati hukupa kimo moja kwa moja: jiwe linaanguka kutoka mita 5, tafuta kasi. Pendulamu haikupi kimo. Inakupa urefu wa uzi na pembe, halafu inakuachia kazi ya kukitafuta kimo mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa muda mrefu zaidi.

Tuchukue tufe la chuma lenye tungamo la gramu 150, limefungwa kwenye uzi mwembamba. Kutoka mahali uzi ulipofungwa hadi katikati ya tufe ni sentimita 80. Tunalivuta pembeni hadi uzi ufanye pembe ya nyuzi 40 na mstari wa wima, kisha tunaliachia bila kulisukuma. Tunataka kujua nishati tuli lililo nayo juu, na kasi yake linapopita chini kabisa.

Hatua ya 1: Chora, na uweke herufi

```
O
|\
| \
|  \  L
|   \
C----A
|
B
```

O ni mahali uzi ulipofungwa. A ni mahali tufe linapoachiwa, na B ni mahali pa chini kabisa. Kutoka A chora mstari wa mlalo hadi ukutane na mstari wa wima. Hapo ni C. Pembe ya nyuzi 40 iko pale O, kati ya OA na OB. OA na OB zote ni urefu L, maana uzi ni uleule (mchoro huu wa herufi hauwezi kuonyesha hilo vizuri, kwa hiyo kwenye karatasi tumia bikari).

Kimo tunachokitafuta ni CB. Usiruke mstari wa AC, kwa sababu bila huo utajikuta unatumia L yenyewe kama kimo.

Hatua ya 2: Badili vipimo kabla ya kugusa kikokotoo

Gramu 150 ni kg 0.150. Sentimita 80 ni m 0.80. Mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia tunauwakilisha kwa g = 9.8 m/s².

Urefu L unapimwa hadi katikati ya tufe, si hadi fundo la uzi. Tufe la chuma la gramu 150 lina kipenyo cha sentimita 3 na kidogo, kwa hiyo ukiishia kwenye fundo umepunguza kama sentimita 1.7. Hilo peke yake linashusha jibu la nishati kwa takribani asilimia 2.

Hatua ya 3: Tafuta kimo

Angalia pembetatu OCA. Pembe ya C ni mraba, na OA ndio upande mrefu. Kwa hiyo OC = L × cos 40°. Mstari mzima wa OB ni L. Ukitoa OC kwenye OB, kinachobaki ni CB:

h = L − L cos 40° = L(1 − cos 40°)
h = 0.80 m × (1 − 0.766) = 0.187 m

Hapa simama uliangalie jibu. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, h haiwezi kuzidi L hata kidogo. Ukipata h = 1.33 m, kikokotoo chako kinasoma 40 kama radiani, si nyuzi. Kibadilishe ndipo uendelee. Ukipata 0.613 m, hiyo ni OC, yaani umesahau kutoa.

Hatua ya 4: Nishati tuli pale A

Ep = m × g × h
Ep = 0.150 kg × 9.8 m/s² × 0.187 m = 0.275 J

Vipimo navyo vizidishe kama namba: kg × m/s² × m ni kg·m²/s², na hiyo ndiyo juli. Kama tungamo lingebaki kwenye gramu, ungepata 275, na ungeandika J pembeni yake bila kushtuka. Kipimo cha haraka ninachokitumia ni hiki: kunyanyua gramu 100 kwa mita moja kunahitaji karibu juli 1. Tufe letu ni zito kidogo kuliko hapo, lakini limepanda chini ya robo mita, kwa hiyo jibu lazima liwe sehemu ndogo ya juli.

Namba hii tumeipata kwa kuhesabu B kuwa kimo sifuri. Ukiamua kupima kutoka sakafuni, Ep ya A na ya B zote zitakuwa kubwa zaidi, ila tofauti kati yao itabaki 0.275 J. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuka kuwa mwendo.

Hatua ya 5: Kasi pale B

Uzi unavuta tufe kuelekea O, na tufe linakwenda kwa kukata mvuto huo kwa pembe mraba. Kwa hiyo uzi haufanyi kazi yoyote juu ya tufe, na nishati tuli yote inageuka nishati ya mwendo (upinzani wa hewa tunauweka kando kwa sasa):

½ × m × v² = 0.275 J
v² = 2 × 0.275 J ÷ 0.150 kg = 3.67 m²/s²
v = 1.92 m/s

Juli ukiigawa kwa kilo inabaki m²/s², na kipeuo chake cha pili ni m/s. Vipimo vikikataa kufika hapo, kuna kitu umekiacha njiani, mara nyingi ni ile ½ au kipeo cha pili cha v.

Tufe lilelile likiangushwa wima kutoka 0.187 m litafika chini kwa kasi hiyohiyo ya 1.92 m/s. Muda ndio unaotofautiana: kuanguka wima huchukua sekunde 0.20, pendulamu huchukua takribani 0.46. Nishati haikuambii muda wowote, kwa hiyo usijaribu kuutoa kwenye fomula hizi.

Hatua ya 6: Katikati ya safari

Uzi ukiwa kwenye nyuzi 20, je, nishati imegawanyika nusu kwa nusu? Tukokotoe. Kimo ni 0.80 × (1 − 0.940) = 0.048 m, na Ep ni 0.071 J. Nishati ya mwendo ni 0.275 − 0.071 = 0.204 J, karibu robo tatu ya yote. Kasi ni 1.65 m/s. Nusu ya pembe si nusu ya kimo, kwa sababu tao la njia ni la mteremko mkali karibu na A na linakaribia kuwa bapa karibu na B.

Hatua ya 7: Pima uone

Rekodi kwa simu inayopiga fremu 240 kwa sekunde, na rula iwe nyuma ya B. Kwa kasi ya 1.92 m/s tufe litasogea milimita 8 kati ya fremu moja na nyingine. Hesabu umbali wa nafasi nne kati ya fremu, mbili kila upande wa B, ugawe kwa 4/240 s.

Tuseme umepata 1.88 m/s. Nishati ya mwendo ni ½ × 0.150 × 1.88² = 0.265 J, pungufu ya 0.010 J. Usikimbilie kuilaumu hewa. Kasi imepungua kwa asilimia 2 tu, lakini kwa kuwa v inapandishwa kwenye kipeo cha pili, nishati imepungua kwa karibu asilimia 4. Kosa la milimita moja kwenye rula, kati ya milimita 32, linatosha kuleta tofauti yote hiyo. Ili ujue hasara halisi ya hewa na fundo, tazama tufe linapanda hadi pembe gani upande wa pili, kisha kokotoa kimo hicho kwa hatua ya 3.